Chanzo cha Fedha

Malipo ya bima ya marehemu mkewe yalipoingia, benki iliifunga akaunti ya mzee fundi viatu, na jiwe la kaburi likakwama kwa mchongaji. Aliambiwa alete uthibitisho wa chanzo cha fedha. Kesho yake aliingia benki amebeba cherehani na kimeza chake.

"Mzee wangu, nini tena hii?" karani akashtuka.

"Chanzo. Mama watoto alilipia bima kwa kushona."

"Nilitaka karatasi, baba! Barua ya bima, cheti cha kifo, cheti cha ndoa."

"Zimo humu kwenye droo. Wewe ulisema chanzo, mwanangu."

Karani alizinakili akazituma makao makuu.

Mzee alipokuwa akitoka na cherehani yake, mlinzi akamzuia mlangoni. "Risiti ya cherehani iko wapi?"

Siku ya tatu akaunti ilifunguliwa, na jiwe likasimamishwa kaburini.