Wigi Lililofika Rukuba Kichwani

Vipodozi na nywele nauzia sebuleni kwangu Musoma, kanga kiunoni, huku wateja wakidhani nina duka la vioo. Picha za kwenye katalogi yangu ya wasapu nilipewa na msambazaji wa Mwanza. Kila wigi limevaliwa na binti yuleyule, kiuno cha nyigu, mtu ambaye ukimtazama unajua hajawahi kugusa dagaa.

Mama lishe mmoja anayepikia wavuvi kisiwani Rukuba aliagiza wigi refu la mawimbi, alivae Jumapili kwenye ubatizo wa mwanawe. Alilipa kwa simu. Picha ya muamala aliyonitumia sikuitazama sana. Niliangalia salio langu, maana kuna watu wanajua kutengeneza meseji ya malipo kuliko kusuka nywele. Hela ilikuwa imeingia. Nikafunga mzigo kwa karatasi nzuri, nikaandika jina na namba yake, nikamkabidhi nahodha wa boti pale mwaloni.

Jioni ikaingia sauti ya mama lishe, na hakuituma kwangu. Aliitupa kwenye kundi la wasapu la wateja wangu, mbele ya wanawake wote wa Musoma, Bunda na Butiama.

"Dada, hili wigi umeniuzia mimi au nahodha?"

Picha ikafuata. Nahodha kasimama kwenye boti, masharubu yake mazito, nywele za mawimbi zimemfika kifuani.

Nikampigia nahodha. "Kaka, umevaa mzigo wa mtu?"

"Dada, mvua imetukuta katikati ya ziwa. Mimi kichwa kikilowa naumwaga wiki nzima. Na karatasi ilikuwa imeshachanika."

"Imechanika yenyewe?"

"Imesaidiwa."

Nilikuwa na hasira za kumzamisha. Nikamwomba mama lishe radhi kundini, nikamwahidi lingine kabla ya Jumapili. Sijamaliza kuandika, mteja wa Bunda akauliza: "Hilo la nahodha bado lipo? Limemkaa kuliko yule wa kwenye katalogi." Mwalimu wa Butiama akadakia kwamba leo ndiyo ameliona wigi kwenye kichwa kama chake, tena kwenye upepo, na halijang'oka. Oda zikamiminika.

Wigi jipya nilililaza kwenye ndoo yenye mfuniko, nikazungushia utepe wa gundi mpaka ndoo ikafanana na mgonjwa wa ajali, likapanda boti nyingine. Mama lishe akapendeza ubatizoni.

Nahodha nikamwomba ruhusa ya kuiweka picha yake kwenye katalogi. Akakubali, mradi wigi libaki kwake. Naye atanibebea mizigo ya Rukuba bila nauli. Msambazaji alipoiona akanipigia kuuliza modo huyo nimempata wapi.

Wiki iliyofuata mke wa nahodha alijiunga na kundi. Nikashika simu nikisubiri matusi. Hakusalimia mtu. Aliandika tu: "Na mimi naomba langu. Rangi tofauti, tusifanane."