Hoja Tatu za Mhadhara

Shuleni kwetu Nchelenge, wanafunzi walisoma makala ya Kiingereza inayosifu ufugaji wa samaki vizimbani, kisha wakasikiliza, mara moja tu, mhadhara unaoipinga. Mwanafunzi mmoja, mama mkimbizi kutoka Kongo, aliandika muhtasari wa Kiingereza wenye makosa mengi ya sarufi. Mwalimu mwenzangu akampa alama mbili kati ya tano. Nikamsomea mwenzangu muhtasari huo kwa sauti. Hoja zote tatu za mhadhiri zilikuwemo, kila moja ikijibu hoja mojawapo ya makala, na makosa hayakuficha maana.

Mwenzangu akaifuta ile mbili, akasema, "Hii ni nne."

Nilipomuuliza mama aliwezaje, alicheka. "Mwalimu, ule mutu wa mhadhara alikuwa anakatala yote ya makala. Nikamufuata pole pole."

Mpaka leo nastaajabu: alikuwa amemsikiliza mara moja tu.