Bomba la Mama

Bega la mama lilipokataa kabisa kupampu, aliniita nyumbani Ekerenyo nimuuzie bomba lake la mgongoni, lile la kunyunyizia dawa nyanya. Nikaandika tangazo kwenye kundi la kuuza na kununua vitu kwenye simu: "Bomba safi, bei ya maelewano."

"Safi kwa nani?" mama akauliza. "Andika vizuri, baba."

Akaanza kusema, nami nikaandika. Tangi ni la lita kumi na sita, ila lijazwe kumi na tano, maana ile ya mwisho humwagikia mgongoni ukiinama. Nozeli, zile ncha za kutolea dawa, ni mbili: ya koni kwa dawa ya ukungu, na bapa ambayo haijatumika sana. Mpira wa pistoni ni mpya, presha inakaa. Vipuri vipo: mpira mwingine wa pistoni, chujio, mpira wa kifuniko. Mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi wa gunia.

"Uzi wa gunia pia?"

"Si utaonekana?"

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa ziwa, aliyekodi shamba la nyanya karibu na Ikonge. Hakugusa pistoni. Alifungua kifuniko, akaingiza pua ndani ya tangi.

"Limewahi kubeba dawa ya magugu?"

Mama yangu akaupapasa ule mkanda ulioshonwa. "Mara moja. Shemeji yangu aliliazima. Nililiosha kwa sabuni, lakini nyanya zangu zilikunja majani zikafa."

"Hilo ndilo mngeandika kwanza, mama."

Alikunywa chai, akala ndizi, akashukuru, akaenda. Nilijua mama yangu ameona aibu kwa sababu aliniongezea chai ambayo sikuitaka. Kisha akasema, "Ongeza."

Nikaongeza: "Limewahi kubeba dawa ya magugu. Lisitumike kwa nyanya." Nilidhani hapo tumeliua tangazo lenyewe.

Kesho yake akapiga simu mzee mmoja mwenye shamba la chai, sauti yake ikiwa na furaha nisiyoielewa. Alifika kabla ya mchana.

"Mke wangu amenikataza kutia dawa ya magugu kwenye bomba lake la mboga," alieleza. "Nilikuwa natafuta lililokwisha kuharibika jina."

Tukatia maji. Akafunga nozeli bapa, akapampu, akatembea uani. Maji yalitoka kama feni, yakaacha mstari mpana, sawasawa, juu ya vumbi. Hakuomba hata kupunguziwa.

Alipolibeba kuelekea barabarani, mama alisimama mlangoni akimtazama.

"Amelivaa chini sana. Litamwumiza kiuno."

Akamfuata hadi kwenye lango, akamsimamisha na kumkazia mikanda, bega hili na lile. Mzee alisimama wima, mikono ikining'inia, kama mtoto anayevalishwa kwenda kanisani.