Kigoda cha Jilala

Bajaji ya kwanza ilipoingia Bariadi, mbuzi wa stendi walikataa kula siku nzima, na mzee mmoja wa Sapiwi alisimama akaivulia kofia akidhani ni gari la askofu limekatwa nusu. Anayebisha akawaulize hao mbuzi. Ninayemsimulia hapa si huyo mzee. Ni Jilala, aliyekuwa wa kwanza kijiweni petu kuiendesha bila kuipigia kelele kama anafukuza ng'ombe, ingawa ng'ombe ndio waliomlea.

Jilala alikulia Sapiwi akiendesha mkokoteni wa maksai, akibeba pamba za watu. Mkokoteni una magurudumu mawili na akili mbili za ng'ombe, alikuwa akisema, lakini bajaji ina magurudumu matatu na akili ya mtu mmoja, kwa hiyo mtu huyo asiwe mpumbavu. Alinunua bajaji yake baada ya mavuno mawili mazuri, akaipaka ubavuni maandishi makubwa: ABIRIA 3. Wenzake kijiweni wakamwita Watatu.

"Watatu! Ongeza mmoja bwana, huyu mwembamba!" Machibya alimtania. Machibya alikuwa dereva wa bajaji iliyokuwa ikijipanga nyuma yake kwenye foleni.

"Mwembamba ana makalio pia," Jilala alijibu.

Mimi mwenyewe alishanishusha. Nilipanda nikiwa wa nne, nikamwambia mimi si abiria, mimi ni mzigo. Akasema basi mzigo ushuke, utafungwa kamba. Kijiwe kizima kilicheka, nikashuka na tenga langu la kuku, na hao kuku pia nawashuku walicheka.

Akitaka kumwelewesha mtu hakutaja sheria. Alichukua kigoda cha miguu mitatu cha mama muuza kahawa, akakiweka mguu mmoja mbele na miwili nyuma, akamkalisha abiria mbishi. "Kaa nyuma kabisa, juu ya ile miwili. Umetulia? Sasa sogea mbele, uegemee kushoto." Mbishi aliegemea, kigoda kikamtupa chini vumbini. "Ndiyo hivyo. Mbele pana mguu mmoja tu. Ukimweka mtu pembeni yangu, uzito wote unakimbilia huko kwenye wembamba. Nikikata kona kulia, kila kitu kinakwenda kushoto, na kule mbele kushoto hakuna gurudumu. Nikishika breki katikati ya kona ndiyo nimemaliza kabisa, maana breki nayo inasukuma watu mbele."

Basi kila mtu alijua. Polisi wa usalama barabarani, Afande Novatus, alimpungia mkono tu akipita. Jilala alibeba watatu nyuma, hakubeba mtu mbele, na hakutoka nje ya mji. Leseni yake ya usafirishaji ilimruhusu kufanya kazi mjini, stendi hadi sokoni, hospitali na mitaa yake. Lami kubwa ya malori na mabasi haikuwa ya bajaji. Wenzake waliitumia, yeye hakuitumia. Alisema bajaji kwenye lami kubwa ni kama kuku aliyeingia kwenye zizi la ng'ombe wenye haraka.

Mke wake alikuwa Milembe, binti wa kijiji cha Sola, aliyeuza nyanya sokoni. Alikuwa mcheshi kiasi kwamba nyanya zilizooza alizinunua mtu akijua zimeoza, ili tu asikie atasema nini. Sasa sikilizeni, maana jambo lote liko hapa. Kwetu mwanamume hazungumzi ovyo na mama mkwe wake. Hamwangalii usoni, hakai naye karibu, hamgusi hata kwa nguo. Akiwa na la kumwambia, anamwambia mkewe, mkewe anampelekea mama yake. Hata kama wamesimama wote hatua chache na mama anasikia kila neno, ni lazima lipite kwa mke. Milembe ndiye alikuwa mdomo wa mumewe kwa mama yake.

Mchana mmoja wa msimu wa pamba, basi la kutoka Sola lilishusha wanawake watatu stendi. Wa kwanza alikuwa Nyanjige, mama yake Milembe, na wawili ni wadogo zake, wanawake wa miili ya kushiba. Walikuwa wanakwenda Kasoli, kwenye msiba wa kaka yao. Walikuwa na kilio machoni na gunia la mchele wa matanga. Milembe alikuja mbio kutoka sokoni, akawapokea mama zake. Naye alikuwa anakwenda kumzika mjomba wake.

Jilala alishuka kwenye bajaji, akapiga goti mbali kabisa, macho chini.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama mkwe, akiiambia ardhi.

"Milembe," Nyanjige alisema, "mwambie mumeo atupeleke Kasoli. Maiti haisubiri."

Jilala alimvuta mkewe kando. Kando ya stendi ni hatua mbili, kila mtu alisikia. "Mwambie mama, Kasoli ni lami kubwa. Mimi siruhusiwi. Na ninyi mko wanne na gunia."

Milembe akageuka. "Mama, anasema mko wengi."

"Wengi? Mwambie mumeo nilimpa binti mzima bila kuhesabu vidole vyake. Leo yeye ananihesabia mimi?"

Wanawake wale wawili walicheka, kicheko cha watu wenye msiba, kinachouma kuliko kilio. Machibya alijitokeza, akasema yuko tayari kuwachukua wawili, hadi kule yanakopakia magari madogo ya Kasoli, waende salama.

"Mwambie huyo kijana," Nyanjige alimwambia bintiye, "kwamba mimi nina mkwe mwenye chombo. Nifike msibani nimeletwa na mtu wa njiani? Watasema Milembe ameolewa na nani?"

Jilala alimwangalia mkewe. Nilikuwa nimekaa pale na kahawa yangu, niliona. Alikuwa anamwomba kwa macho arudie, aseme kwa ukali, atumie ule ucheshi wake. Milembe naye alimwona mama yake analia. Akashusha sauti. "Baba Kija, mara moja tu. Mimi siwezi kumrudishia neno hilo leo."

Hapo Jilala angeweza kumgeukia mama mkwe mwenyewe, akasema hapana. Hakuna mwanamume aliyekuwa pale stendi ambaye angefanya hivyo. Hata Machibya aliangalia pembeni.

Wakapanda. Mama watatu walijaza kiti cha nyuma mpaka vyuma vikalia. Hapo ni watatu, sawa na maandishi ya ubavuni. Lakini Milembe akae wapi? Mama yake hawezi kukaa pembeni ya mkwe. Mama zake wadogo nao ni wakwe. Aliyeweza kumgusa Jilala ni mkewe peke yake. Basi Milembe alikaa mbele, kushoto kwa mumewe, nusu ya paja kwenye kiti na nusu hewani, gunia la mchele likiwa miguuni pake. Jilala alisogea kulia mpaka usukani ukamgusa tumboni.

"Watatu," Machibya alisema taratibu, bila utani safari hii. "Nenda polepole kona."

Alikwenda polepole. Hilo hata polisi walilikubali. Lakini kwenye lami kubwa, mwendo wa polepole ndio dhambi yenyewe. Lori la pamba lilimfika nyuma, likapiga honi, likapunguza, likapiga honi tena. Walioshuhudia walisema lilikuwa kubwa kama kinu cha kuchambulia pamba chenyewe, nami safari hii siongezi chumvi. Pembeni kulia ilikuwa njia ya vumbi ya kuchepukia. Mbele hakuna gari. Jilala alitaka kulipisha lile lori.

Akakata kulia. Usukani ulikwama kwenye tumbo lake, maana hakuwa na nafasi, akauvuta kwa nguvu, ukakubali wote mara moja. Mama wale watatu nyuma walikwenda kushoto, pamoja. Milembe akashika chuma. Gurudumu la nyuma la kulia likainuka. Jilala aliliona kwenye kioo, na mkono ukafanya kile alichowakataza watu wote kijiweni: ukashika breki.

Bajaji ililala ubavu wa kushoto, polepole kabisa, mama wale walisema, kama ng'ombe anayelala. Wao watatu walitoka na michubuko na mkono mmoja uliovunjika. Milembe alikuwa chini ya bajaji, na mchele mweupe umemwagika juu ya lami mpaka kwenye nywele zake.

Misiba ikawa miwili.

Afande Novatus ndiye aliyekuja kupima alama za matairi. Walisema alipomaliza alikaa chini kwenye jiwe, akavua kofia. Mahakamani Jilala hakubisha hata neno: kuzidisha abiria, kumpakia mtu mbele, kutoka nje ya eneo la leseni, kusababisha kifo. Hakimu alimuuliza kwa nini alikubali, naye mtu anayejulikana kwa kukataa. Jilala akasema, "Alikuwa mama mkwe wangu." Hakimu hakuwa mtu wa kwetu. Aliandika kitu, akasema hiyo si sababu kisheria. Ni kweli, si sababu. Alifungwa.

Aliporudi, bajaji ilikuwa imeuzwa chuma chakavu. Alirudi Sapiwi kwenye mkokoteni na maksai wa baba yake. Mtoto wao, Kija, alikuwa amelelewa Sola kwa bibi yake, na siku moja Nyanjige alimleta amwone baba.

Nilikuwa nimekwenda Sapiwi kununua kuku, basi niliona kwa macho yangu. Nyanjige alisimama upande wa pili wa uwanja. Jilala alipiga goti mbali, macho chini. Yule mama alifungua mdomo, akageuza kichwa kushoto kwake, mahali ambapo binti yake angekuwa amesimama, ili amtume neno. Hapakuwa na mtu. Akafunga mdomo. Kuku walipita katikati yao.

Mwishowe alisema mwenyewe. "Jilala. Ungekataa siku ile."

"Ningekataa kwa mdomo wa nani, mayu?"

Nyanjige alimwachia mtoto kwa wiki ile, akaondoka kwa miguu mpaka njiani, ambapo Machibya alikuwa anamsubiri na bajaji, abiria wawili wameshakaa nyuma. Kulikuwa na binti mmoja mrembo wa shule aliyekuwa anapenya kukaa mbele, pembeni ya dereva.

"Shuka," Nyanjige alimwambia.

"Bibi, nafasi ipo, nashuka hapo tu."

"Shuka, nimesema. Au mimi sipandi, na huyu dereva haondoki."

Machibya alizima injini. Binti alishuka akinung'unika kwamba wazee wa siku hizi wana roho mbaya. Nyanjige akaingia nyuma, akakaa katikati kabisa, akashika chuma kwa mikono miwili, na hakuachia mpaka mjini.