Majani Matano kwa Mtoto

Mwalimu wangu wa mwaka wa pili alijua mito yote ya Ubelgiji. Aliisema kwa mpangilio, macho yamefungwa, na sisi tukaimba nyuma yake kama mapadri wadogo. Siku moja akatutoa nje kwenda kuchimba udongo wa kufinyangia, kwenye kijito kilicho nyuma ya shule, mwendo wa robo saa. Akapotea. Sisi wanafunzi tulirudi saa sita kula, yeye akaonekana siku ya pili, kiatu kimoja mguuni, akiletwa na mama mmoja aliyekuwa akitafuta uyoga. Baba yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema mtu anayejua mto wa Wazungu na hajui kijito cha kwao hatamfundisha mtoto wake. Hapo ndipo elimu yangu ilipokufa. Sijaililia sana, ingawa baadaye nilipotia sahihi karatasi za kazi kwa kidole gumba, karani alinisikitikia kwa macho.

Basi nikafundishwa na mama, na mama alikuwa mwalimu wa majani. Na mimi, kama mwalimu yule, nikajua bila kuona. Ngoja, nitafika.

Pale Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi, nyumba zetu zilifanana kama matofali, na mpaka kati ya ua na ua ulikuwa mupera, mti wa mapera. Hakuna aliyekumbuka nani aliupanda. Mizizi kwako, matawi kwangu, mapera ya aliyeamka mapema. Upande wa maji machafu ya jikoni ulisimama mchaichai, ule tunaouita sitroneli, majani marefu yanayokata vidole. Mtoto akijaa gesi, chemsha sitroneli. Mtu akihara, chuma vichomozo vya mupera, vile vidogo vya juu vyenye rangi ya kutu. Saba kwa mwanamke, tisa kwa mwanamume, majani matano kwa mtoto. Kwa nini saba? Hakuna anayejua. Jirani wa mtaa wa pili alitoa kumi na mbili kwa kila mtu, hata kwa mbwa wake, na watu wake walipona vilevile. Mimi nilimwita mshenzi.

Nilichemsha mpaka maji yanakuwa kama yametoka kwenye pipa lenye kutu. Ladha yake inakunja ulimi na meno. Nami niliongeza sheria yangu ya pekee, sijui niliitoa wapi, lakini niliitangaza kwa sauti ya mtu aliyesoma: anayehara asinywe maji. Chungu kinachovuja hakiongezwi maji. Sentensi nzuri sana hiyo. Wanawake waliirudia mtaa mzima. Siku ya tatu mgonjwa alipona, na mimi nikapokea kuku. Kwamba wengi wangepona siku ya tatu hata kwa kuangalia ukuta, hilo halikunijia. Wale ambao hawakupona walikuwa wamerogwa. Dawa yangu haikukosea hata mara moja.

Halafu ikaja ile miaka ya kufukuzana.

Mishahara ilikuwa imeshakatika, unga wa kampuni umekatika, mashine kule mgodini zimelala. Mtu mwenye njaa anataka kujua nani amekula, na wakubwa walitusaidia kwa ukarimu: wakatuambia ni watu wa Kasai. Babu zao waliletwa na Wazungu kufanya kazi ya migodi, wakazaliana hapa, wakazikana hapa, na sasa ghafla wakaitwa bilulu, wadudu. Wadudu waliokuwa wakituandikia barua zetu zote. Mtu mzima ambaye hajui kuandika jina lake aliweza kumwambia karani arudi kwao, wakati karani kwao ni nyumba ya tatu kushoto.

Karani huyo alikuwa jirani yangu, yule wa upande wa pili wa mupera. Ndiye aliyenisikitikia kwa macho miaka ile. Mtu wa shati lililopigwa pasi, Mkatoliki, mpole kidogo kupita kiasi. Walimtoa asubuhi, yeye na mkewe na binti yao wa miaka mitatu, na godoro moja. Mimi nilikuwa nikinyoa ndevu. Nilizinyoa kwa uangalifu mkubwa sana siku ile, mpaka kelele zikaisha.

Kabla jua halijazama, ndani ya nyumba yake aliingia mzalendo. Nilimfahamu, alikuwa akiuza samaki wakavu barabara ya Mutoshi. Aliipenda nchi ya mababu zake kwa moyo wote, kuanzia kwenye nyumba yenye bomba la maji.

Wafukuzwa walikaa stesheni wakingoja treni. Wiki moja, mbili, tatu. Mabehewa yaliyokuja yalikuwa ya kubebea mawe, na hayakutosha. Watu walilala kwenye sementi, wakapika hapohapo, wakajisaidia nyuma ya ukuta, na maji waliyateka mahali ambapo mimi nisingeoshea baiskeli. Unaona kinachofuata.

Mchana mmoja nikamwona karani amesimama kwenye mupera. Shati lilikuwa lile lile, sasa bila rangi. Alikuwa hajagusa tawi. Alingoja, kama mtu anayengoja ofisini. Mzalendo akatoka mlangoni, anatafuna.

“Unatafuta nini kwangu?”

“Majani, tata,” akasema, kama tunavyomwita mtu wa kuheshimiwa. “Mutoto anahara tangu jana.”

“Majani ya kwenu hayako?”

Karani aliyekuwa amekaa ndani ya nyumba ile miaka kumi na tisa akaangalia miguu yake. Akasema kule kwao hajawahi kufika, kwa hiyo hajui kama kuna mapera. Alisema kwa upole, si kwa dharau, na hilo ndilo lililomkasirisha mzalendo. Akaanza hotuba kuhusu ardhi. Nikaona hotuba itakuwa ndefu, nikapitisha mkono upande wangu wa mti, nikachuma.

“Haya ni matawi yangu,” nikamwambia. “Mizizi ni yako, tata. Ikumbatie.”

Nikachuma na sitroneli pia, nikabeba birika, nikaenda na karani stesheni. Usinisifu. Nilikuwa sijapata mgonjwa tangu watu waanze kukimbia, na daktari bila wagonjwa huzeeka haraka.

Mtoto alilala mapajani mwa mama yake, ametulia mno. Alikuwa ameshatapika mara mbili. Mama yake alikuwa akimpa maji kwa kikombe. Nikakiondoa kikombe kwa mkono wangu mwenyewe. Nikawasha makaa, nikahesabu majani matano mbele ya watu ili waone kazi ya mtu anayejua, nikachemsha mpaka kutu. Nikaagiza: vijiko vitatu asubuhi, vitatu mchana, vitatu jioni. Maji hapana, hata akilia.

Mama akaniuliza polepole, “Hata kidogo, tata?”

Nikampa ile sentensi yangu ya chungu. Akainamisha kichwa. Walikuwa majirani zangu, walishaisikia, walishaona watu wakipona. Waliniamini. Katika stesheni nzima, baada ya yote waliyotendewa, bado walikuwa na mtu wa kumwamini, na mtu huyo ni mimi.

Nilirudi asubuhi na majani mapya, nikitembea kama padri anayepeleka komunyo. Nikaweka birika kwenye makaa. Kuhara kulikuwa kumepungua. Nikatabasamu. Karani hakutabasamu. Mtoto alikuwa analia, lakini kilio kile hakikuwa na machozi. Macho yalikuwa yameingia ndani. Mdomo mkavu, ulimi kama kitambaa.

Mama mmoja akapita katikati ya mafurushi, kilemba cheupe kichwani. Alikuwa muuguzi, naye amefukuzwa kazini na nyumbani siku moja, na hapo stesheni aliendelea kuuguza kama vile hajapata habari. Akapiga magoti. Akabana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama kunjo la shuka, ikarudi polepole.

“Amekojoa lini?” akauliza.

“Jana asubuhi,” mama akasema.

“Nani amekataza maji?”

Hakuna aliyenionyesha kwa kidole. Wote waliniangalia tu, na hilo ni zaidi.

Nikasema kwamba kuhara kumepungua, aone mwenyewe. Muuguzi akanijibu bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

“Jani la mupera linaweza kupunguza, tata. Nimeona kwa watu wazima. Kwa mutoto, kiasi gani, sijui, na wewe pia haujui. Sitroneli inatuliza tumbo, pengine ni harufu tu. Lakini jani halirudishi maji, na halirudishi chumvi. Mutoto hafi na kuhara. Anakufa na kukauka.”

Akaomba sukari na chumvi. Sukari, mahali pale! Lakini wanawake wakafungua ncha za vitenge, kila mmoja na kifundo chake kidogo, na vikatoka vijiko sita vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu, na chumvi nusu kijiko. Akatafuta chupa ya lita moja, iliyokuwa ya mafuta, ikaoshwa mara tatu. Halafu maji. Akauliza nani ana maji yaliyochemka.

Nilikuwa nayo mimi. Birika lilikuwa limechemka, majani bado mkononi.

“Usitie kitu,” akasema. “Katika chai yako, tata, kitu kizuri kuliko vyote ni moto.”

Yakapoozwa, yakachanganywa. Kijiko kimoja, ngoja, kijiko kingine. Mtoto akatapika, muuguzi akasema tusubiri dakika kumi, tuanze tena polepole zaidi. Mama alitia kijiko, karani alihesabu kwa midomo. Mimi nilipewa kazi ya kupuliza makaa. Jua likapanda, watu wakazunguka, hakuna aliyezungumza siasa. Nimeona makutano mengi maishani, sijaona umati ukingoja mkojo wa mtoto kwa hamu namna ile.

Saa nane hivi, mtoto akiwa mapajani mwa baba yake, suruali ya karani ikalowa. Akainuka nusu, akaiangalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Karani, mtu wa pasi, alilia huku ameshika kitambaa kilicholowa kana kwamba ni cheti. Mtoto naye akalia, na safari hii machozi yalikuwepo.

Karani akanijia. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa, nilikuwa na majibu.

“Aksanti kwa majani, tata,” akasema. “Lakini mutoto wa mutu, usimunyime tena maji.”

Muuguzi akaniambia wako watoto wengine sita nyuma ya ukuta, na birika kubwa kama langu hakuna. Nije kesho asubuhi na mapema, maji yachemke kabla jua halijawa kali. Nikasema ndiyo, mama, lakini moyoni nilikuwa bado daktari, na pale palitakiwa mpuliza makaa. Nikaliacha birika kwenye makaa, nikavuka reli, nikapita karibu na mafurushi na magodoro, nikaenda nyumbani. Sikurudi tena.