Mwaka Tulioacha Sigara, Mimi na Kaka

Tulipomzika baba, aliyeuawa na kansa ya mapafu, kaka yangu mvuvi wa Karema alibaki kwangu Nsemulwa, tukaamua kuacha sigara pamoja. Daktari alimpa kaka plasta za nikotini za kubandika ngozini na bigijii za nikotini. Mimi nilichagua vidonge vya vareniklini, vinavyopunguza hamu ya sigara, nikavianza wiki moja kabla ya siku ya kuacha. Daktari alisema plasta na bigijii zikitumika pamoja, nguvu yake inakaribiana na ya vidonge.

Mwanzo ulitutesa. Nilimeza kidonge nikiwa na njaa, nikatapika uani. Kaka alitafuna bigijii mfululizo, kwikwi ikamshika. Tukarudi kwa daktari.

“Wewe kula kwanza, umeze na glasi nzima ya maji,” aliniambia. Akamgeukia kaka: “Mzee, tafuna polepole mpaka iwashe, kisha ibane kati ya shavu na fizi. Muwasho ukiisha, tafuna tena. Na plasta mpya kila siku, mahali pengine.”

Kichefuchefu kilipungua, ingawa ndoto za ajabu ziliendelea kunisumbua. Kaka alikuwa akijikuna palipobandikwa plasta.

“Tukiacha, tuache sigara, siyo dawa,” alisema.

Tulimaliza dozi zetu. Hakuna aliyevuta tena.