Waogeleaji Tisa wa Darasa la Kemia

Ilianza Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, tukiwa tunaosha vyombo vya maabara. Mwalimu wetu wa kemia, ambaye pia ndiye aliyetutafutia nafasi za atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, aliingia akasimama karibu na sinki akasubiri tufunge mifereji.

"Kiwanda cha saruji kule Athi River wamekubali kuchukua wanafunzi kwa maabara yao. Miezi mitatu. Wawili," akasema, halafu akatuangalia sisi kumi na mmoja kama mtu aliyefika sokoni na mbuzi wengi kuliko wanunuzi. "Na wamesema nisiwapelekee gunia la karatasi. Nitabeba nne tu. Naondoka kesho saa mbili asubuhi. Leo kabla ya saa kumi nataka CV ya kila mtu, ukurasa mmoja."

Bila atachimenti hakuna diploma. Hilo tulilijua tangu siku ya kwanza. Kuna kitabu ambacho lazima kijazwe kila wiki na kutiwa sahihi na mtu wa kazini, na changu kilikuwa bado kinanuka upya. Nilikuwa nimeandikia hospitali moja na ofisi moja ya maji. Hospitali walinijibu kwa heshima kwamba wamejaa. Ofisi ya maji hawakunijibu kabisa. Muhula ulikuwa umebakiza wiki mbili, na hii ndiyo nafasi pekee niliyoiona mbele yangu.

Sasa, mimi ni mtu ambaye akiitwa jina darasani anajibu kwa kuinua kalamu. Msichana niliyekuwa nikikaa naye dawati moja alizoea kujibu kwa niaba yangu, na alinipenda kwa namna yake, yaani kwa kunicheka.

"Wakikuita huko," akaniambia tulipokuwa tunatoka, "nitakuja na wewe niwe nasema, wewe unatingisha kichwa."

Tulikaa kwenye ngazi za maktaba, mimi na biro na karatasi ya mazoezi. Nikaanza kuorodhesha. Masomo yote kumi na mawili tuliyosoma, hata yale ya mawasiliano. Alama zangu za darasa la nane. Cheti cha kwaya. Kiranja wa bweni, ingawa bweni lenyewe lilikuwa na wasichana sita. Mradi wangu wa kupima ugumu wa maji ya visima vitatu vya kwetu Mwala. Halafu, chini kabisa, nikaandika mstari mmoja: mwethya, bwawa la mchanga, kupima mchanga na kuchanganya saruji, likizo mbili.

Mwethya ni kile kikundi cha majirani, wengi wao akina mama, ambao hufanya kazi pamoja shambani kwa huyu leo na kwa yule kesho. Chetu kilijenga ukuta wa kukinga mchanga kwenye mto wetu mkavu, ili maji ya mvua yakae ndani ya mchanga badala ya kukimbia zake. Nilifanya nao likizo mbili nzima.

Mwenzangu alinyakua karatasi, akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Asi! Wewe unataka atachimenti ama unataka kazi ya mjengo? Wataona hii wakupatie koleo!"

Niliufuta ule mstari kwa biro kwa nguvu nyingi hata karatasi ikachanika pale.

Mjini kulikuwa na duka la kupiga chapa, mlango mmoja, kompyuta moja, na mama mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa na haraka kuliko maswali yake. Karibu darasa letu zima lilikuwa kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika, hakufungua ukurasa mtupu. Alifungua CV ya mtu aliyetangulia, akaanza kufuta na kubadilisha: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule. Ndivyo alivyowafanyia wote, na kwa kweli ilienda upesi.

"Masomo nimeacha hivyo, si mko darasa moja? Skills... unajua kompyuta?"

"Kidogo," nikasema.

"Hiyo ni kujua." Akaandika. "Na hobi?"

Nikafikiria. Hobi yangu ni kuandika kijitabu ambacho nakificha chini ya godoro, na hilo sikuwa tayari kumwambia mtu mwenye foleni nyuma yangu. Nikainua mabega.

"Basi naacha ya huyu. Iko sawa."

Akabonyeza, karatasi ikatoka ikiwa na joto. Ilikuwa nzuri, ya kunyooka, na jina langu kwa herufi nene juu. Niliipenda sana bila kuisoma. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali.

Saa kumi kasoro tulikuwa tumejipanga mbele ya meza ya mwalimu. Alizisoma zote tukiwa tumesimama. Ya kwanza aliisoma polepole. Ya pili akainua nyusi. Kufikia ya nne alivua miwani akaifuta kwa shati, akavaa tena.

"Sikujua," akasema, "kwamba nafundisha samaki."

Akaanza kuzipekua moja moja.

"Kuogelea. Kuogelea. Kuogelea, kusafiri na kupata marafiki wapya. Huyu naye, kuogelea. Tisa kati ya kumi na mmoja!" Akainua yangu. "Na wewe? Wewe ambaye sijawahi kusikia sauti yako tangu uje hapa. Unapenda kupata marafiki wapya?"

Darasa likacheka. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Na unaogelea wapi? Niambie tu mahali. Mwala?"

"Hapana, mwalimu."

"Mwala kuna maji ya kuogelea?"

"Kuna ya kunywa, mwalimu. Ukichimba."

Wakacheka zaidi, na hata yeye akacheka, lakini akanitazama kidogo zaidi ya wengine.

"Sikizeni," akasema, akiweka karatasi mezani. "Mkuu wa ile maabara ni mtu namjua. Hana haja na alama zako za darasa la nane. Anataka kujua kitu kimoja: nikikupa sampuli na chombo, mikono yako itafanya nini? Hapa nina karatasi tatu ambazo zinanijibu, ingawa moja nayo inaogelea. Nafasi ya nne iko wazi mpaka kesho nikiwasha gari. Kila mtu aliyebaki achukue yake arudi nayo ikiwa imetoka kwa maji."

Mwenzangu alikuwa mmoja wa wale watatu. Alikuwa ameandikiwa na kaka yake nyumbani. Nilijaribu kufurahi kwa ajili yake, na karibu niweze.

Nilikuwa naishi kwa anti yangu, mdogo wake mama, nyuma ya soko. Nilimkuta uani akichambua maharagwe, jua bado liko. Nikakaa nikaanza kumsaidia, nikamweleza yote, kwa sababu anti ni mtu ambaye ukinyamaza mbele yake anakuuliza mpaka unajuta.

"Ogelea!" akasema. "Na ukioga tu kwa karai unapiga kelele maji ni baridi."

"Anti, niambie niandike nini."

"Mimi nitajuaje mambo ya kemia? Lakini andika ile siku uliwarudisha akina mama na mchanga wao."

Sikutaka kuikumbuka siku ile. Anti alikuwa amekuja nyumbani likizo hiyo, naye ni mwanachama wa mwethya kama mama. Akina mama walikuwa wameleta mchanga kwa mikokoteni ya punda kutoka upande wa juu wa mto. Mimi nilikuwa na chupa ya jemu. Ukitia mchanga ndani, ukaongeza maji na chumvi kidogo, ukatikisa ukaacha utulie, mchanga unakaa chini na udongo laini unakaa juu yake kama blanketi. Blanketi ikiwa nene, mchanga ule ni mchafu, saruji haitaushika vizuri. Ile ilikuwa nene.

"Ukasimama hapo," anti akaendelea, "ukasema, 'Hii mchanga ni chafu.' Kwa sauti ndogo tukadhani ni mbuzi amelia. Mwenyekiti akasema, 'Nani amesema?' Ukainua chupa. Hukuinua hata uso, chupa tu! Na wanawake thelathini wakageuza punda."

"Walinitukana."

"Walikutukana, ndiyo. Mimi pia nilikutukana, mgongo ulikuwa unauma. Na huo ukuta umepasuka?"

"La."

"Basi."

Akarudi kwa maharagwe yake kana kwamba amemaliza mtihani wangu.

Nikatoa karatasi safi. Duka la chapa lilikuwa limefungwa, kwa hivyo niliandika kwa mkono, polepole, nikianza na kukata. Nilikata alama za darasa la nane, kwaya na bweni la wasichana sita. Kompyuta nayo ikaenda, kwa kuwa nikiulizwa ningeumbuka. Katika masomo kumi na mawili nilibakiza manne yanayoingia kwenye maabara ya saruji. Kisha mradi wa visima: jinsi nilivyodondosha dawa kwenye maji, tone baada ya tone, mpaka rangi ilipotoka nyekundu ya zabibu ikawa buluu, na kwamba nilirudia kila sampuli mara tatu. Kinachofanya maji yawe magumu ni kalisi, ile ile ya kwenye mawe ya chokaa yanayotengenezewa saruji, nikafikiri. Kwa nini sikuona asubuhi? Na mwisho, mwethya. Niliandika chupa ya jemu. Niliandika saruji kopo moja, mchanga makopo matatu, uliopimwa, haukukisiwa kwa koleo.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili kasoro robo, nilikuwa nimesimama kando ya gari la mwalimu. Alikuja na bahasha kwapani.

"Hii haijapigwa chapa," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

Akaisoma akiwa ameegemea mlango. Akafika chini akarudi juu.

"Ukuta ukiisha, mlikuwa mnaufanyia nini?"

"Tunaufunika na magunia tunamwagilia maji. Kila siku, asubuhi na jioni."

"Kwa nini? Si mngeacha ukauke haraka mwende nyumbani?"

"Hapana," nikasema, na nikasikia sauti yangu ikitoka kubwa kuliko nilivyoipima. "Saruji haishikani kwa kukauka, mwalimu, inashikana kwa kufanya kazi na maji. Ukiinyima maji mapema inapasuka. Akina mama walilalamika kwamba ukuta unakunywa kuliko ng'ombe, lakini tulimwagilia hata baada ya wiki."

Alinitazama. Nadhani ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia, na yote kwa pumzi moja.

"Kumbe unaongea," akasema. Akafungua bahasha, akaiingiza karatasi yangu, halafu akaitoa tena nusu. "Watu wa kuulizwa habari zako ni wawili tu hapa. Kiwanda wanataka watatu."

Jana yake yule mama wa chapa alikuwa ameniachia, kama mtu wa tatu, mchungaji wa kanisa la mtu mwingine, nami nilikuwa nimemkata. Nikaomba biro. Niliweka karatasi juu ya boneti, ambayo ilikuwa na umande, nikaandika kwa uangalifu jina la mwenyekiti wa mwethya, yule aliyeuliza nani amesema. Kazi: mkulima, na msimamizi wa ujenzi wa bwawa. Anwani: kupitia sanduku la posta la kanisa letu, Mwala.

Mwalimu akaupuliza wino ukauke, akalamba bahasha akaifunga. Mimi nilikwenda moja kwa moja dukani kununua stempu, nimwandikie mwenyekiti mapema kwamba wakimuuliza, asiwaambie habari za mbuzi.